Daftari la Kikoba Lilivyonipa Kazi

Tangu nimalize shahada ya sosholojia naendelea kutuma maombi kupitia Ajira Portal, lakini asubuhi zangu nimezitenga kwa kujifunza Excel. Mifano ya kampuni nisizozijua ilinichosha mapema, nikamwomba mama mdogo daftari la kikoba chao hapa Morogoro. Hesabu za watu ninaowafahamu zilinishika.

Katibu wao huandika "2,000/=". Ukiiingiza hivyo, Excel huiona kama maandishi na kuiruka kwenye jumla, bila kukuonya. Dalili yake ni ndogo: usipogusa mpangilio, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Majina nayo yalisumbua, maana mtu mmoja ni Mwajuma wiki hii na Mama Asha wiki ijayo. Nikampa kila mwanachama namba. Kwenye karatasi niliyoiita Hisa, safu ya A ikawa ya namba hizo, ya C idadi ya hisa. Kwenye karatasi nyingine nikaorodhesha namba za wanachama kuanzia A2, na jumla ya kila mtu ikapatikana hivi:

```
=SUMIFS(Hisa!C:C,Hisa!A:A,A2)
```

Kazi yenye malipo ilitokana na fumbo la mwaka uliotangulia. Siku ya kuvunja kikoba, baada ya kila mtu kupokea chake, mezani zilibaki 60,000 zisizo na mwenyewe, na watu wakaanza kutazamana vibaya. Mwenyekiti akaniita nizitafute.

Hisa zilikuwa 3,000, kila moja 2,000. Mfuko wa jamii ulishawekwa kando, kama inavyotakiwa, na sandukuni kulikuwa na 7,290,000. Wakaigawa kwa hisa, kila hisa ikapata 2,430. Lakini mwanachama mmoja alikuwa bado anadaiwa 60,000, nao wakamkata kwenye mgao wake. Hapo ndipo zilipobaki. Deni ni mali ya kikundi hata kama halijarudi sandukuni, kwa hiyo huongezwa kwanza: 7,350,000 kugawa kwa 3,000 ni 2,450. Mwenye hisa 120 alistahili 294,000, akapewa 291,600. Mdaiwa hukatwa mwishoni, kwenye fungu lake mwenyewe.

"Kumbe hakuna aliyeiba, mwanangu," mwenyekiti alisema, akarudia kwa sauti ili wote wasikie.

Walinilipa 30,000, na sasa nawafungia hesabu kila mwezi kwa 10,000. Sikai na sanduku wala funguo, na sitaki. Naingiza namba katibu akinisomea, kisha tunahesabu fedha taslimu mbele ya wanachama na kulinganisha. Zikipishana, hatuondoki. Kitu ambacho Excel haiwezi kunisaidia ni mkopo uliotolewa bila kuandikwa, kwa hiyo nimewaomba mikopo yote itolewe kikaoni tu. Wamekubali, ingawa mweka hazina alinuna kidogo.

Kikundi cha pili, cha akina mama wa sokoni, wanaanza mzunguko mpya Januari. Nimeshawaandalia namba za wanachama.