Kumbukumbu ya mradi wa grafu: (1 − cos x)/x² na msumeno ulio karibu na sifuri

Mradi wa grafu za vikomo umefika kwenye (1 − cos x)/x². Kwa kalamu kikomo chake ni nusu, na hesabu hiyo ni fupi: cos x ni 1 − x²/2 + x⁴/24 na kuendelea, kwa hiyo ukitoa na kugawanya unabaki na 1/2 − x²/24. Kadiri x inavyopungua ndivyo jibu linavyoisogelea 0.5. Kikokotoo lakini kinaisogelea kwa muda tu, kisha kinaiacha, na mwisho kinatoa sifuri. Kumbukumbu hii inaeleza kinachotokea katikati ya hatua hizo.

Nimeanza na kikokotoo chenye nafasi kumi baada ya nukta, kwa sababu hapo kila tarakimu inaonekana kwa macho. Pembe ziwe kwenye radiani. Ukipata majibu yanayozunguka 0.000152 badala ya 0.5, kikokotoo kiko kwenye digrii, na hilo halihusiani na tatizo letu.

Kwa x = 0.01, kosini ni 0.9999500004 na jibu ni 0.499996. Safi. Kwa 0.001 ni 0.5, na kwa 0.0001 bado ni 0.5. Kisha kwa 0.00001 jibu ni 0. Ukiitazama jedwali hiyo peke yake utadhani kikokotoo kilikuwa kizima kabisa hadi kikazimika ghafla. Sivyo. Vipeo vya kumi vinaficha uharibifu, kwa kuwa nusu ya x² hapo huwa 5 ikifuatwa na sifuri tupu, namba inayoenea vizuri kwenye nafasi zilizopo. Ndiyo maana nimeacha kutumia vipeo vya kumi kwenye jedwali zangu na kuchukua namba za kati:

```
x          cos x          1 - cos x      jibu
0.00007    0.9999999976   0.0000000024   0.4898
0.00003    0.9999999996   0.0000000004   0.4444
0.000018   0.9999999998   0.0000000002   0.6173
0.000017   0.9999999999   0.0000000001   0.3460
0.000011   0.9999999999   0.0000000001   0.8264
0.00001    1.0000000000   0.0000000000   0
```

Tazama mistari ya 0.000018 na 0.000017. Tofauti ya x ni ndogo mno, lakini jibu limeruka kutoka 0.6173 hadi 0.3460. Sababu iko kwenye safu ya tatu. Kwa kuwa kosini ina nafasi kumi tu, 1 − cos x haiwezi kuwa kitu kingine ila 0, 1, 2, 3 na kuendelea, mara 0.0000000001. Kwa x = 0.000017 thamani ya kweli ya kiasi ni 1.445 ya kipimo hicho, ikakadiriwa kuwa 1. Kwa 0.000018 ni 1.62, ikawa 2. Asili, yaani x², inabadilika taratibu na kwa usahihi wote, ilhali kiasi kinapanda ngazi kwa ngazi.

Watu wengi husema kosa ni la kutoa. Sikubaliani, na hapa ndipo napenda msomaji atulie kidogo. Kutoa 0.9999999999 kutoka 1 kunatoa 0.0000000001 kamili, bila kukadiria chochote. Hata Pat Sterbenz, mtaalamu wa hesabu za kompyuta, alionyesha kwamba namba mbili zenye alama moja zikiwa karibu, kubwa isizidi mara mbili ya ndogo, tofauti yao hutoka kamili kwenye mashine. Habari za x zilipotea kabla, pale kosini ilipoandikwa. Karibu na 1, tarakimu zote zinakwenda kuandika tisa, na sehemu inayotegemea x inabaki na nafasi moja au mbili mwishoni. Kutoa kunaondoa tu zile tisa na kuacha kilichobaki kionekane.

Kompyuta inafanya vilevile, ila kwa msingi wa mbili. Namba za desimali za kawaida za Python zina biti 53 za tarakimu, na hatua kati ya namba moja na nyingine chini kidogo ya 1 ni 2⁻⁵³, takriban 1.11 × 10⁻¹⁶. Kwa x = 1.1e-8 jibu ni 0.9175. Kwa 1e-8 ni 0.0.

Grafu yenyewe ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Ukichora nukta nyingi kwenye eneo hilo, mstari uliotakiwa kulala kwenye 0.5 unakuwa meno ya msumeno. Tuite hatua kati ya kosini moja na inayofuata h. Kiasi kinapokuwa k mara h, kinabaki hapo tangu x² ifike (2k − 1)h hadi ifike (2k + 1)h. Basi kila jino linaanza kwenye k/(2k − 1) na kuteremka hadi k/(2k + 1). Jino la kwanza, ukitoka sifuri, linaruka hadi 1 na kushuka hadi 1/3. La pili linaanza 2/3 na kuishia 2/5. La tatu ni 3/5 hadi 3/7. Yanaendelea kupungua yakiikumbatia nusu kutoka juu na chini. Herufi h imejifuta yenyewe, kwa hiyo urefu wa meno ni uleule kwa kikokotoo cha tarakimu kumi na kwa kompyuta. Kinachobadilika ni mahali: jino la kwanza linaanza x ikiwa kipeuo cha pili cha h, yaani 0.00001 kwa kile cha nafasi kumi, na takriban 1.05 × 10⁻⁸ kwa Python. Vikokotoo vingi huweka ndani tarakimu zaidi ya zile za kiooni, hivyo chako kinaweza kuanza kuharibika mbali kidogo na hapo.

Kipimo cha haraka cha uharibifu ni h/(2x²): jibu haliwezi kukosea kwa zaidi ya hapo kwa sababu ya kosini. Kwenye Python, x ikiwa 0.0001, hicho ni kama 0.0000000056, bado kidogo sana. Ikifika 0.0000001 kimekuwa 0.0056, na tarakimu ya pili baada ya nukta tayari ina mashaka.

Kuongeza tarakimu kunasogeza msumeno tu. Dawa ni kutoiandika kosini kabisa. Kwa kuwa 1 − cos x ni 2 sin²(x/2), fomula nzima inageuka kuwa nusu ya mraba wa uwiano wa sin(x/2) kwa x/2:

```python
from math import sin

def f(x):
    s = sin(x/2) / (x/2)
    return s*s / 2
```

Sini ya pembe ndogo ni namba ndogo, na namba ndogo kwenye kompyuta huhifadhiwa na tarakimu zake zote, hakuna tisa za kubeba. Kwa x = 1e-8 inatoa 0.5. Kwa 1e-200 pia, mahali ambapo fomula ya kwanza inasimama na kosa la kugawanya kwa sifuri, maana x*x yenyewe imeshakuwa ndogo kuliko mashine inavyoweza kuandika.

Kilichobaki ni x = 0 kamili. Hapo hata fomula mpya ni sifuri kwa sifuri, kwa hiyo nimeweka sharti la kurudisha 0.5 moja kwa moja. Grafu zote mbili sasa zinachorwa kwenye ukurasa mmoja, msumeno chini ya mstari ulionyooka. Inayofuata ni fomula ya umbali kati ya sehemu mbili za dunia kwa kosini, ambayo huharibika kwa njia hiihii sehemu hizo zikiwa mita chache tu.