Siku yangu nyuma ya kaunta ya famasi, Moshi

Saa mbili kasorobo asubuhi nafungua mlango, mitaa ya soko la Mbuyuni. Nasoma jotoridi la friji, naandika kwenye daftari, napanga mzigo ulioingia jana, na kabla sijamaliza wateja wawili wameshasimama. Wengi wanamwona mfamasia kama muuza duka aliyevaa koti jeupe: unataja dawa, anakupa, unalipa, unaondoka. Kwa wanaoona hivyo, naomba wakae nami siku moja tu.

Hadi saa nne ni dawa za maumivu, dawa za minyoo, na mama mmoja niliyemwomba akampime mtoto malaria kwanza kabla ya kununua chochote.

Saa nne akaingia mzee aliyeshuka na daladala ya Kibosho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe antibayotiki kali. Hizi nyingine hazina nguvu."

Alikuwa anakohoa mwezi wa pili sasa. Ameshameza amoksilini, ameshameza azithromaisini, na chupa za dawa ya kikohozi hata hazihesabu tena. Makohozi yamepimwa kifua kikuu, hakuna kitu. Picha ya kifua imetoka safi. Nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine.

"Unauza au huuzi? Hizo ni za presha, haziingiliani na kifua."

Foleni nyuma yake ilianza kuguna. Nilimsihi, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na atenololi, enalaprili na amlodipini. Enalaprili aliongezewa kliniki kama miezi mitatu iliyopita. Kikohozi kilifuata wiki chache baadaye. Ni kikavu, kinamwasha kooni, na usiku ndiyo kinamkosesha usingizi. Nilimuuliza kama anabanwa pumzi akilala chali, maana moyo ulioshindwa kazi nao huleta kikohozi cha usiku. Hapana, analala na mto mmoja. Homa hana, hajakonda, kifua hakipigi filimbi.

Nikamwambia kwamba ninaishuku enalaprili. Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Ugonjwa mmoja, dawa tatu! Basi ndizo zinazoniua. Kuanzia leo naziacha zote."

Neno hilo ndilo lililonifanya niache kila kitu, nimwombe msaidizi wangu ashike kaunta, nimkalishe mzee kwenye kiti. Baada ya dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko sakafuni, kipimo kilisoma 144/84, mapigo ya moyo 56 kwa dakika.

Yeye ni mkulima, kwa hiyo nilianzia kwenye mfongo unaoleta maji shambani. Maji yakija kwa nguvu nyingi yanakula kingo. Unaweza kuyapunguza kule juu yanakoingilia, au ukapanua mfereji wenyewe. Atenololi inafanya kazi kule juu, kwenye moyo. Inaziba vipokezi vya beta, pale adrenalini inapogonga kuuambia moyo uende mbio na upige kwa nguvu. Kwa hiyo moyo unapiga polepole, unasukuma damu pungufu kila dakika, na wenyewe unahitaji oksijeni kidogo. Pia inazifanya figo zitoe renini kidogo, na renini ndiyo inayoanzisha mlolongo wa kupandisha presha.

"Kwa nini walikupa hii, baba?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema zamani kifua kilikuwa kinambana akipanda mlima kwenda nyumbani, na tangu aanze hiyo dawa hakijambana tena. Nilimshika mkono. Mtu wa namna hiyo haachi atenololi ghafla. Moyo ukizibiwa vipokezi kwa muda mrefu huongeza vingine. Ukiiondoa dawa siku moja, adrenalini inakuta milango mingi iko wazi. Mapigo yanaruka, maumivu ya kifua yanarudi, na wengine hupata shambulio la moyo. Ikibidi kuachwa, daktari huipunguza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Amlodipini haigusi sana mapigo. Inazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli iliyo katika kuta za mishipa ya damu, na bila kalsiamu hiyo misuli haiwezi kujikaza, mishipa inatanuka. Hapo mzee akavuta soksi kunionyesha: alama imechimbika juu ya kifundo. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kishimo kikabaki. "Jirani ameniambia ninunue vidonge vya kukojoza maji." Nikamzuia. Mishipa midogo inayopeleka damu imetanuka lakini inayoirudisha haijatanuka kiasi hicho, hivyo maji yanavujia miguuni. Si kwamba mwili umejaa maji, ndiyo maana vidonge vya kukojoza haviusaidii sana uvimbe wa aina hii.

Enalaprili inazuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili, kemikali inayokaza mishipa na kuuambia mwili uhifadhi chumvi. Ikipungua, mishipa inalegea, hata ile inayorudisha damu, kwa hiyo inaupunguza uvimbe wa amlodipini pia. Moyo nao unasukuma bila kupambana, na kwa miaka unaepuka kunenepa kuta. Sisi Waafrika wengi tuna renini ndogo, kwa hiyo enalaprili ikitumika peke yake mara nyingi haishushi presha vya kutosha. Ikiunganishwa na amlodipini inafanya kazi vizuri. Shida ni kwamba kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana kwenye njia za hewa, nazo zinawasha. Hakuna antibayotiki ya kutibu hilo.

Sina mamlaka ya kumbadilishia dawa. Nikampigia daktari wake, hakupokea. Nikapiga tena. Mzee alisinzia kwenye kiti, akiamshwa na kikohozi chake mwenyewe, nami nikarudi kaunta kusikiliza lawama za waliosubiri. Chakula cha mchana hakikuliwa. Ilikuwa imepita saa nane daktari alipopiga, akasikiliza, akakubali: enalaprili itoke, iingie losatani, nyingine mbili zibaki, na baada ya wiki mbili apimwe potasiamu na figo. Losatani inaiacha angiotensini itengenezwe ila inaizuia isishike kwenye mishipa, bila kugusa bradikinini.

Mzee alinunua losatani tu. Nilimwandikia kwenye bahasha kwamba kikohozi kinaweza kuchukua mwezi au zaidi kuisha, asikate tamaa wiki ya kwanza. Na kwamba midomo au ulimi ukivimba, hata leo usiku, aende hospitali hapo hapo. Aliondoka bila antibayotiki, akaniita "daktari", na mimi sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Mchana wote uliobaki sikumbuki mpangilio wake. Bima iliyokataa kufunguka kwenye kompyuta, mzigo uliochelewa, miguu iliyoniwaka moto.

Giza lilishaingia aliporudi kijana aliyekuwa kwenye foleni ya asubuhi. Alikuwa amesikiliza kila neno. "Dada, nipe ile ya kutuliza moyo. Mke wangu moyo unamwenda mbio na presha iko juu." Nikamuuliza kama mke ana ugonjwa wowote. Pumu, akasema, ana ile ya kuvuta mdomoni. Vipokezi vya beta viko kwenye mapafu pia, na ndivyo dawa ya pumu inavyotumia kufungua njia za hewa. Atenololi inalenga zaidi vya moyo, lakini haikosi kugusa vya mapafu, na anaweza kubanwa akavuta dawa yake isimsaidie. Nikakataa kumuuzia. Nilimwambia amlete kesho saa mbili nimpime presha na mapigo bila malipo, kisha aende kliniki na majibu mkononi, na aje na kila dawa aliyonayo nyumbani, hata zile alizoziacha.