Mipangilio ya akaunti ilikohamia baada ya sasisho

Nilibadilisha nywila ya barua pepe ya kazini, na programu ya barua kwenye simu ikaacha kuleta ujumbe mpya. Nilijua dawa yake: kuandika nywila mpya kwenye mipangilio ya akaunti. Ila programu ilikuwa imejisasisha usiku, na vile vistari vitatu vya pembeni nilivyozoea kubonyeza sasa vilionyesha mafolda tu.

Nikagusa picha yangu juu kulia. Palikuwa na alama ya gia, nikadhani nimefika. Kumbe ilifungua mipangilio ya programu nzima: rangi, milio, saini. Nywila haikutajwa popote. Nilizunguka humo kama robo saa.

Sikuwa nimeteremka hadi chini kabisa ya ukurasa, ambako kuna orodha ya anwani zangu. Kila anwani inaonekana kama maandishi ya kawaida, lakini inabonyezeka. Nilipogusa ile ya kazini ndipo ikatokea seva ya kupokea, IMAP, bandari 993. Nikaweka nywila mpya, barua zikaanza kuingia.

Kutuma kukagoma. Seva ya kutuma ina nafasi yake ya nywila, mstari mmoja chini, na humo bado ilikuwamo ile ya zamani. Nikaibadilisha pia.

Kabla ya hapo nusura niifute akaunti niiweke upya. Afadhali sikuifuta: kulikuwa na barua mbili zilizokwama zikisubiri kutumwa, na hizo zilikuwa kwenye simu tu, hazijafika kwenye seva.