Sera ya rushwa niliyoitafsiri mara mbili

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Arusha inapeleka watalii Serengeti na Ngorongoro. Wakala wetu wa Uingereza alituletea sera ya kuzuia rushwa, kurasa 11 za Kiingereza, akataka kila mfanyakazi aielewe. Ana sababu: sheria yao ya mwaka 2010 haisamehe hongo hata ikiwa ndogo. Kazi ya kutafsiri nikapewa mimi wa ofisini.

Nilimaliza kwa siku tatu na kwa kweli nilijiona fundi. Kisha nikaisoma gereji mbele ya madereva sita, wapishi wawili na mtunza stoo. Sikuwauliza kama wameelewa, maana jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Niliwapa visa na kuuliza, "Hapa utafanyaje?" Hapo ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa nimeandika "Mfanyakazi atatoa taarifa", kama sheria zinavyoandikwa. Mpishi akauliza, "Nani huyo atakayetoa?" Alisikia habari ya kesho, hakusikia amri. Sasa inasomeka: "Ni lazima uripoti."

Kilichotuchukua muda ni "malipo ya kurahisisha". Kisa changu kilikuwa hiki: kibali kimelala mezani kwa karani, wageni wanangoja kwenye gari, karani anasema leo joto kali, hata soda hakuna. Unampa elfu kumi, muhuri unagongwa. Dereva mmoja wa siku nyingi akasema, "Si ndiyo huduma ya haraka hiyo, kaka?" Neno "kurahisisha" lilikuwa limeisafisha hongo mpaka ikawa msaada. Nikaandika upya: "Pesa au kitu unachompa mtumishi ili akufanyie, au akuharakishie, kazi ambayo tayari ni wajibu wake. Ya soda, ya maji, ya vocha: hiyo ni rushwa, hata ikiwa shilingi 2,000." Nikaongeza kuwa kwa sheria yetu ya mwaka 2007 anayetoa ana kosa kama anayepokea, maana wengi waliamini mwenye kosa ni yule wa upande wa pili tu.

Swali likaja papo hapo: na ada halali ya kuharakishiwa? Tukakubaliana kutazama pesa inakoingia. Ikiwa imetangazwa, inalipwa kwa kontroo namba na risiti inatoka, hiyo ni ada. Ikiingia mkononi au kwenye simu ya mtu, ripoti. Na mtu akikutishia maisha, toa, kisha ripoti siku hiyo hiyo.

Kwenye "kitu chenye thamani" nako niliteleza. Walinitajia gari na tanzanaiti. Bia, kuku wa kuchoma, lifti ya bure au kumtafutia mtoto wa ofisa kibarua, hakuna aliyevitaja. Ikabidi niviorodheshe kwa majina.

Mtunza stoo alikuwa kimya mpaka nilipofika kwenye kisa cha "cha juu". Matairi manne yamenunuliwa, risiti inasema 520,000 kila moja. Wiki hiyo hiyo umeulizia duka lile lile, umeambiwa 450,000. Tofauti ni 280,000. Utaripoti? "Hapana," akasema. "Sina ushahidi. Nitaitwa mnoko."

Kosa lilikuwa langu. Sera ilidai sababu ya kuridhisha tu ya kushuku, mimi nikaandika "sababu za msingi zinazothibitika", nikamtwisha mtu wa stoo kazi ya mpelelezi. Sasa tunasema: "Huhitaji ushahidi. Eleza ulichoona, ulichosikia na unachoshuku, kila kimoja peke yake. Ukija kuonekana ulikosea bila kusema uongo kwa makusudi, huna kosa." Tukaongeza kwamba anayeshuku asianze kupekua droo za watu: mhusika akistuka, risiti zinapotea.

"Kulipiza kisasi" waliisikia kama kupigwa au kurogwa. Lakini dereva wa kibarua hahitaji kufukuzwa ili aumie. Simu ya safari haimfikii, basi. Kwa hiyo tuliandika hivyo hivyo: kunyimwa safari, kupewa gari bovu, kuondolewa kwenye grupu la wasapu. Mkurugenzi alisita, kwa sababu miezi ya mvua karibu wote hukosa safari, na mtu ataweza kusema ameonewa. Mwisho alikubali zamu zibandikwe ukutani, kila mtu aone nani amepata ngapi.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, mtunza stoo akanivuta pembeni. "Sawa kaka, na kama mwenye risiti ndiye bosi ninayetakiwa kumripotia?" Rasimu yangu ilikuwa na mlango mmoja tu: msimamizi wako. Nikaongeza namba ya simu ya mkurugenzi mwenyewe, na chini yake 113 ya TAKUKURU, ambayo hailipiwi, pamoja na mstari kwamba tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Aliinakili 113 kwenye kiganja, kwa kalamu ya stoo.