Nilivyomwambia msailiwa kwamba hakupata kazi

Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa ghala, na wasailiwa wawili walifika hatua ya mwisho. Mmoja akapata, na kumpa mwenzake habari ikawa kazi yangu. Nilingoja aliyechaguliwa asaini kwanza, maana angeghairi, huyu wa pili ndiye tungemwita. Ila sikumwacha akisubiri gizani: nilikuwa nimemjulisha kwamba jibu litatoka kabla ya Ijumaa, na Alhamisi nikampigia.

Kabla ya simu nilipitia karatasi za alama tulizojaza usaili ukiendelea. Sikutegemea kumbukumbu, kwa sababu uamuzi ukishafanyika ni rahisi mtu kutunga sababu za kuuhalalisha. Alama zake zilikuwa nzuri isipokuwa sehemu moja, swali la upotevu wa bidhaa. Nikanakili alivyojibu, neno kwa neno.

Baada ya salamu niliuliza kama ana nafasi ya kuongea, kisha nikasema: "Dada, nafasi tumempa mtu mwingine. Nimeona nikwambie mwenyewe." Ukitanguliza sifa, msikilizaji anakaa roho juu akingoja "lakini". Nikanyamaza apate kulipokea, halafu nikamuuliza kama angependa kujua alipopungukiwa, sasa hivi au kwa maandishi. Wapo wasiotaka siku hiyo, na ni haki yao. Akasema, "Niambie tu."

"Tulipouliza ulivyoshughulikia upotevu wa bidhaa ulisema, 'Tulifuatilia, tukarekebisha mfumo.' Hatukuweza kujua wewe binafsi ulifanya nini. Tulitaka kusikia nani aligundua, wewe ulichukua hatua gani, na tofauti ya hesabu ilipungua kutoka ngapi hadi ngapi."

Akashtuka. Kumbe yeye ndiye aliyegundua kwamba bidhaa zinazorudishwa na wateja ziliingizwa kwenye mfumo mara mbili, kwa hiyo mfumo ukaonyesha mali ambayo rafuni haipo. Akaanzisha hesabu ya kila wiki ya zile zilizorudishwa. Nikamwambia hayo hasa ndiyo yangempa alama, lakini jopo haliwezi kupima lisilolisikia.

Akauliza kama mwenzake ana uzoefu kumzidi. Nikamjibu kwamba siwezi kumzungumzia mtu mwingine, naweza kuzungumzia majibu yake tu. Sikumwambia pia kwamba tutamtafuta, kwa sababu hatukuwa na nafasi nyingine iliyokuwa njiani, na ahadi ya namna hiyo humfanya mtu aache kuomba kwingine.

Mmoja wa jopo alikuwa ameandika pia kwamba "hakuchangamka". Hilo sikulifikisha. Halikuwa miongoni mwa vigezo vya kazi, na hata angelisikia, hakuna la kufanya nalo.

Jioni nikamtumia barua pepe fupi: swali lile, jibu lake, na mambo matatu tuliyotaka kusikia. Akaniandikia kwamba ana usaili mwingine wiki inayofuata na ameshaanza kutafuta takwimu za ile hesabu ya kila wiki.