Alama 41 za mzee mwenye duka la hadwea

Mzee huyu wa Kisumu, mwenye miaka 64 na elimu ya darasa la 7, aliletwa kwangu kupimwa kumbukumbu na bintiye aliyesema, "Daktari, baba amelipa saplaya mmoja mara mbili mwezi huu."

Nilianza na TOMM, kipimo cha kuangalia kama mtu anajitahidi kweli. Unamwonyesha picha 50, kisha anachagua kati ya mbili ile aliyoiona. Akipata chini ya 45 duru ya pili, alama za vipimo vingine zinatiliwa shaka. Mzee alipata 41. Anayebahatisha tu hupata karibu 25, kwa hiyo alama hizo peke yake hazikuthibitisha kwamba anakosea makusudi, lakini sikuweza kuendelea hivyo hivyo. Nilikuwa nimemwona akiinua kila picha kuelekea dirishani na kukunja uso. Nikamuuliza kuhusu miwani. Alikuwa amevaa ya mkewe.

Nilisimamisha kazi. Wiki iliyofuata alikuja na yake, akapata 48. Kwenye ripoti niliandika alama zote mbili na kisa cha miwani, nikaongeza kwamba kuziona picha mara ya pili kungeweza kumsaidia. Kwa sababu hiyo niliegemea pia zoezi la kurudia tarakimu, ambalo nalo huonyesha kama mtu anajitahidi, na alilifanya bila shida.

Shida ilikuwa kwenye orodha ya maneno 12, niliyoisoma kwa Kijaluo. Katika majaribio matatu alitaja 4, 6, kisha 7. Baada ya dakika 25 alibaki na 2. Nilipomsomea maneno hayo yakiwa yamechanganywa na mageni, alitambua 7 tu na kuyakubali mageni 4. Hapo ndipo ripoti ilipopata uti wa mgongo: anayeshindwa kulivuta neno kutoka kichwani hulitambua akilisikia. Kwa mzee, mengi hayakuwa yamehifadhiwa. Sikuandika asilimia kwa uhakika, kwani viwango vya kulinganishia havikutengenezwa kwa Wajaluo wa darasa la 7.

Nikamuuliza binti kuhusu siku ya kawaida. Mzee anaoga, anapanda matatu peke yake, anauza misumari na kurudisha chenji sawasawa. Kinachomponyoka ni daftari la madeni na meseji za M-Pesa. Kwa kuwa bado anajitegemea, niliandika udhaifu mdogo wa kumbukumbu. Sikuandika ugonjwa wa kusahau uliokomaa.

Chanzo niliacha wazi, maana binti alitaja kwamba babake humeza piritoni kila usiku ili alale, na dawa hiyo huvuruga kumbukumbu za wazee. Nilipendekeza daktari wake amwachishe, apimwe vitamini B12, tezi ya shingo, VVU na kaswende, kisha apigwe picha ya ubongo. Malipo yote ya saplaya yapitie kwa binti kwanza. Baada ya miezi 12 nitampima tena, kwa orodha nyingine ya maneno.

Nilipomsomea ripoti, mzee aliuliza jambo moja: "Duka nitaendelea kulifungua?" Nikamwambia ndiyo, daftari likae kwa binti.