Kumbukumbu ya mradi wangu: safu ya "ingefika wapi"

Daftari langu la tredi limeongezewa safu moja. Oda ikifungwa kwenye bei ya kuingilia kwa sababu stoplosi nilishaihamishia hapo, naendelea kuifuata kwenye chati hadi bei iguse tajeti au stoplosi ya mwanzo, kisha naandika kipi kimetangulia. Kazi hii naifanya jioni nikishafunga duka hapa Mwanjelwa.

Oda ya Jumanne inaonyesha vizuri ninachokitafuta. Nilinunua EUR/USD kwa 1.0850 baada ya bei kuvunja ukuta wa asubuhi, yaani bei ya juu iliyokuwa ikiizuia, stoplosi 1.0820, tajeti 1.0910. Kanuni ninayoipima inasema bei ikipanda pipu 15, stoplosi ihamie 1.0850. Bei ikafika 1.0868, ikarudi kuugusa ule ukuta hadi 1.0846, oda ikafungwa kwa sifuri. Jioni bei ilikuwa 1.0912. Stoplosi ya mwanzo haikukaribiwa hata kidogo, ilikuwa bado pipu 26 chini.

Daftari la kawaida lingeandika sifuri tu, na sifuri haimuumizi mtu. Ndiyo maana tatizo hili la kuhamisha stoplosi mapema hukaa muda mrefu bila kuonekana.

Hesabu yake ni hii. Chukua bei isiyo na mwelekeo wowote, ikiwa pipu 15 juu ya ulipoingilia. Tajeti iko pipu 45 juu. Stoplosi ikibaki 1.0820, nayo iko pipu 45 chini, kwa hiyo nafasi ni nusu kwa nusu. Ukiihamishia 1.0850, iko pipu 15 tu chini, na nafasi ya kufika tajeti inashuka hadi moja kwa nne. Nusu ya ushindi imeondoka! Ni kweli kuna hasara pia zilizookolewa, na hapo ndipo safu yangu inapofanya kazi: tajeti ya pipu 60 ni sawa na hasara mbili za pipu 30. Basi katika kila oda tatu zilizofungwa kwa sifuri, ikiwa moja tu ingefika tajeti, tumetoka sare. Zikizidi theluthi, kanuni inakula faida.

Oda zangu za asubuhi zimezidi theluthi. Za usiku hazijafika, ingawa bado ni chache mno kuzitolea hukumu.

Kaka mmoja tunayefanya naye tredi, yuko Iringa, ananiambia, "Bora sifuri kuliko hasara, mdogo wangu." Namwelewa, akaunti yake ni ndogo. Lakini kwa akaunti ndogo dawa ni kupunguza ukubwa wa loti, ili pipu 30 zisimtishe.

Kuanzia wiki ijayo napima kanuni nyingine kwa oda za asubuhi: stoplosi haiguswi mpaka bei irudi chini, igeuke, ipite kilele chake cha kwanza. Kwa oda ya Jumanne, ingesubiri bei ivuke 1.0868, ndipo ipandishwe hadi 1.0842, chini kidogo ya pale ilipogeukia.